Jina kubwa kwenye lebo haliongezi wati

Ndugu yangu alinitumia picha za paneli ya sola aliyokwisha kuilipia, na bado zinaniuma. Mbele kuna nembo ya kampuni inayojulikana dunia nzima. Nyuma kuna lebo: Pmax 300W, Vmp 18V, Imp 16.67A, ukubwa 1020 × 670 mm. Zidisha volti 18 kwa ampea 16.67 upate wati 300. Aliyeichapisha alijua hesabu, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Lakini lebo hiyohiyo inamsuta. Vipimo vile ni mita za mraba 0.68. Wati za paneli hupimwa chini ya mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo pale panaingia wati 680 tu. Ili itoe 300 ingebidi igeuze asilimia 44 ya mwanga kuwa umeme, ilhali paneli nzuri za madukani hugeuza kama asilimia 20 hadi 23.

Sasa tazama seli zenyewe. Nilihesabu 36, safu nne za seli tisa. Kila seli hutoa takriban nusu volti ikifanya kazi, kwa hiyo volti 18 ni za kweli. Uongo umejificha kwenye ampea, maana ampea hufuata eneo la seli. Seli nzima ya aina hii, yenye upande wa sentimita 15.6, hutoa kama ampea 8 au 9. Katika picha, kila seli ilikuwa na pembe mbili tu zilizochongwa badala ya nne, dalili kwamba imekatwa. Kilichobaki ni kama theluthi mbili, yaani ampea zipatazo 6. Zidisha kwa volti 18, unapata wati 100 na kidogo. Amelipia paneli tatu, amepewa moja!

Kuza picha pia utazame zile tepe nyembamba za fedha. Lazima zitoke seli moja hadi nyingine. Zikikomea ukingoni, seli ile ni pambo. Waya mwembamba nao hauendani na lebo inayodai ampea 16.

Taa za sola ni hivyohivyo: paneli yenye ukubwa wa daftari haifiki hata wati 20, hata kama taa imeandikwa 500W.

Nakubali, shingo upande, kwamba huenda muuzaji naye alidanganywa. Na picha haionyeshi nyufa za ndani. Kwa hizo utahitaji mita ya kupimia umeme na jua la mchana. Lakini vipimo na seli huonekana kabla hujatoa hela. Dai picha ya mbele iliyopigwa wima, seli zote zihesabike, na lebo ya nyuma isomeke. Akikutumia nembo tu, usinunue.