Mbaazi na yurea katika mishale ya naitrojeni

"Mchoro wa mzunguko wa naitrojeni una mishale mingi. Mimi nalima mahindi na mbaazi Masasi, ardhi ya kichanga. Kama mbaazi zinaleta mbolea toka hewani, yurea ya nini?"

Kasoro ya mchoro huo ni kwamba mishale yote imechorwa kwa unene mmoja. Kwenye mchanga wa Mtwara na Lindi mishale miwili ni minene kuliko mingine: unaoshuka chini na maji ya mvua, na unaotoka shambani ndani ya magunia.

Tuufuate mchoro tangu mwanzo. Mshale wake wa kwanza unatoka hewani kwenda kwenye vifundo vya mizizi ya mbaazi, ambako bakteria hugeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Hapa ndipo wengi wanapopotea: chakula hicho kinaliwa kwanza na mbaazi yenyewe. Mahindi yaliyo kando yake msimu huohuo hupata kidogo sana. Naitrojeni hufika udongoni baadaye, majani yanapodondoka na mizizi inapooza.

Ndiyo maana mshale wa pili, wa kuoza, una uzito wake. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki shambani hadi Agosti au Septemba zikipukutisha majani. Mvua za kwanza zikinyesha, vijidudu vya udongo huamka kwa pamoja na kuyageuza majani hayo kuwa amoniamu, kisha wengine huigeuza amoniamu kuwa naitreti. Amoniamu hushikwa na chembe za mfinyanzi na mboji. Naitreti haishikwi, hufuata maji. Anayechelewa kupanda wiki tatu baada ya mvua kukolea anaweza kuikuta sehemu nzuri ya naitreti hiyo imeshazama chini ya mizizi michanga. Kwa hiyo hata mbolea ya mbaazi huvuja, ingawa si kwa kasi ya yurea iliyomwagwa yote siku moja.

Tuchukue ekari moja iliyotoa magunia 8 ya mahindi ya kilo 100. Punje hizo zimeondoka na takriban kilo 12 za naitrojeni. Tuseme ekari hiyo pia ilipukutisha kilo 500 za majani makavu ya mbaazi: yana kama kilo 8 hadi 10, na tukadirie kwamba nusu yake ndiyo mahindi ya msimu unaofuata yatakayoifikia. Yaani kilo 4 au 5, zinazopunguza pengo bila kuliziba. Na mbaazi nazo zinauzwa: kila kilo 100 za punje huondoka na zaidi ya kilo 3.

Hapo ndipo mshale wa yurea unapoingia. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kwa hiyo nusu mfuko, kilo 11.5, unakaribia kulipa kilichoondoka na mahindi. Pamoja na majani ya mbaazi, kwa mavuno ya kiasi hicho sioni sababu ya kununua mfuko mzima.

Ila yurea ina mlango wake wa kupotelea. Ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu na jua likawaka, hugeuka amonia na kupaa. Harufu kali shambani ni dalili yake. Ifukie sentimita 5 hadi 7, kando kidogo ya shina, mahindi yakiwa usawa wa magoti, udongo ukiwa na unyevu na mvua kubwa haijakaribia. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60 ekari ina mashimo karibu 9,000, hivyo nusu mfuko ni gramu 3 pungufu kidogo kila shimo, kama nusu ya kifuniko cha soda. Usikisie: pima vipimo 100 kwenye mzani wa duka, vikaribie gramu 280. Usiwekee mbaazi. Mmea unaokuta naitreti tayari udongoni hupunguza vifundo.

Mshale wa naitreti kurudi hewani ni wa mabondeni kwenye maji yaliyotuama, kama majaruba ya mpunga. Kwenye mchanga wa juu ni mwembamba.

Kinachoua faida ya mbaazi ni moto wa kuandaa shamba. Majani yakiungua, karibu naitrojeni yake yote hurudi hewani kabla ya mvua kuigusa. Mashina chukua kwa kuni, yana naitrojeni kidogo, majani yaache. Kwenye mikorosho kuna jambo jingine: salfa ya unga inayopuliziwa ubwiriunga huongeza uchachu wa udongo mwaka hadi mwaka, na uchachu ukizidi vifundo hudhoofika.

Mbaazi zikifikisha wiki 8 hivi, chimba miche mitano kwa jembe bila kuing'oa, kisha pasua vifundo kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au wekundu, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, au visipokuwepo, usiyahesabu majani ya shamba hilo kama mbolea iliyotoka hewani: naitrojeni yake imetoka kwenye udongo uleule.