Dagaa na mawese: kwa nini hatari hushuka kuliko faida

"Dagaa wananipa faida kubwa kuliko mawese. Nikihamishia nusu ya mtaji kwenye mawese, si ninajipunja tu?" anauliza mfanyabiashara mmoja wa dagaa.

Kwa upande wa faida, ndiyo, anajipunja, na wanaomshauri abaki na dagaa wana hoja. Tuchukue hesabu ya mfano, mtaji ukiwa milioni 10. Dagaa wanatarajiwa kuleta asilimia 18 kwa msimu, na mkengeuko wao sanifu, yaani kiasi ambacho faida huyumba juu na chini ya hapo, ni 24. Mawese yanaleta 12 na kuyumba kwa 10. Nusu kwa nusu, faida inayotarajiwa ni wastani wa kawaida: 15. Shilingi laki tatu zimekwenda, na hakuna hesabu itakayozirudisha.

Kinachosahaulika ni kwamba kuyumba hakuchanganyiki kwa wastani kama faida. Variansi ya mchanganyiko, ambayo ni mraba wa mkengeuko, inakwenda hivi:

```
V = a²·D² + b²·M² + 2·a·b·r·D·M
```

Hapo a na b ni sehemu za mtaji, D na M ni mikengeuko ya dagaa na mawese, na r ni namba ya uhusiano, kuanzia -1 hadi 1. Weka nusu kwa nusu: 144 + 25 + 120r. Biashara hizi zikipanda na kushuka pamoja kabisa, r ni 1, jumla ni 289, na mkengeuko ni 17, ambao ndio wastani wa 24 na 10. Kila moja ikienda kivyake, r ni 0, jumla ni 169, mkengeuko 13. Zikielekea kupishana, r ikiwa -0.4, mkengeuko ni 11. Faida inayotarajiwa ni 15 kote.

Sasa fikiria msimu mbaya wa kawaida, mkengeuko mmoja chini ya matarajio. Mwenye dagaa peke yake anapata 18 kutoa 24: hasara ya laki sita. Mwenye mchanganyiko, r ikiwa 0, anapata 15 kutoa 13: bado ana faida ya laki mbili. Hapa ndipo naona wanaoita kugawa mtaji uoga wanakosea. Laki tatu za matarajio zimenunua nafuu ya laki nane katika msimu unaofilisi watu.

Je, r iko karibu na 0 kweli? Kuna sababu za kuamini hivyo. Mvua inayowakuta dagaa wakianikwa mchangani pale mwalo wa Katonga, Kigoma, huwaharibu, lakini haiyagusi mawese yaliyo kwenye dumu. Mbalamwezi hupunguza uvuvi wa taa, ila mchikichi hauna habari nayo. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mnunuzi wa dagaa wabichi alikosa mzigo, huku ukamuaji wa mawese ukiwa nje ya katazo hilo.

Lakini upande wa pili una hoja nzito, nayo ni usafiri. Mizigo yote miwili inaelekea masoko yaleyale ya mbali. Mafuta ya lori yakipanda au barabara ikikatika, biashara zote mbili zinaumia siku moja, na r inapanda wakati ule unapoihitaji iwe chini. Tena r haipimiki kirahisi: kwa kumbukumbu za misimu minane, kosa la kukadiria linakaribia 0.38. Anayesema ni 0 anaweza kuwa na 0.4 mkononi bila kujua.

Kosa hilo halimuumizi kila mtu sawasawa. Mfanyabiashara wa mawese anayetaka kuonja dagaa ana hesabu ya kupendeza: akiweka milioni 1.5 kwenye dagaa na kubakiza 8.5, r ikiwa 0, faida inapanda kutoka 12 hadi 12.9, na mkengeuko unashuka kutoka 10 hadi 9.2. Ameongeza kitu chenye hatari kubwa zaidi, na hatari ya jumla imepungua! Ila hilo linawezekana tu r ikiwa chini ya 10 ikigawanywa kwa 24, yaani karibu 0.42. Ikifika 0.5, mkengeuko wake unakuwa 10.8. Kwake, kosa la kukadiria linatosha kugeuza jibu.

Muuliza swali yuko upande wa pili wa hesabu. Hata r ikiwa 1, mkengeuko wake unashuka kutoka 24 hadi 17, na msimu mbaya unamgharimu laki mbili badala ya sita. Mimi ningemshauri ahamishe, aanze na robo ya mtaji akijifunza soko la mawese, na aandike faida ya kila mzigo kwa tarehe, dagaa na mawese kwenye ukurasa mmoja, pamoja na bei ya lori siku hiyo.