Kilo za maji na kreatinini iliyo chini mno

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58, urefu sentimita 160, mwenye saratani ya ovari. Amefika kliniki tumbo limejaa maji na mizani inasoma kilo 53. Anatolewa maji lita nane, kisha anapimwa tena: kilo 45. Amepangiwa paklitakseli na karboplatini, dripu kila baada ya siku 21. Dawa hizi mbili zinaingia siku moja kwenye mshipa mmoja, lakini dozi zake zinakokotolewa kwa njia mbili tofauti kabisa. Ubishi mwingi kuhusu vipimo vya kemotherapi umeelekezwa kwenye njia ya kwanza. Mimi naona hatari kubwa zaidi iko kwenye ya pili.

Paklitakseli hupimwa kwa eneo la mwili, miligramu 175 kwa kila mita ya mraba. Fomula inayotumika sana ni ya Mosteller, ya mwaka 1987:

```
BSA = √(urefu cm × uzito kg ÷ 3600)
```

Kwa kilo 45, mama huyu ana mita za mraba 1.41, na dozi yake ni miligramu 247. Kama faili limebaki na kilo 53 za mwanzo, linatoka eneo la 1.53 na dozi ya miligramu 268. Maji ya tumboni yameongezewa dawa, ingawa hayana figo wala ini la kuiondoa.

Wanaopinga kipimo hiki wana hoja nzito. Fomula mama ya eneo la mwili, ya akina Du Bois mwaka 1916, ilijengwa juu ya watu 9 tu. Ilipofika 1958, Pinkel alionyesha kwamba dozi za dawa kadhaa za saratani zinakaribiana kwa panya, mtoto na mtu mzima zikigawanywa kwa mita ya mraba, na desturi ikashika. Lakini kinachomtofautisha panya na mtu hakitoshi kuwatofautisha watu wazima wawili. Watu wenye eneo moja la mwili wanaweza kupishana mara kadhaa katika kasi ya kuiondoa dawa mwilini, na kwa dawa nyingi eneo la mwili linaeleza sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo. Kwa hiyo wapo wanaouliza kwa nini tusimpe kila mtu mzima dozi moja.

Upande wa pili nao una jibu. Dozi tunazozijua kuwa zinafanya kazi zilijaribiwa na kuandikwa kwa mita ya mraba. Ukibadilisha rula unapoteza uwezo wa kulinganisha mgonjwa wako na wale waliojaribiwa. Tena dozi moja kwa wote ingemwangukia zaidi mtu mdogo wa mwili kama mama huyu. Nawaunga mkono, kwa sharti kwamba tuichukue namba hiyo kama mahali pa kuanzia. Ni kwa sababu hiyohiyo sipendi tabia ya kukata eneo lifikapo 2.0 kwa sababu tu mgonjwa ni mnene. Tangu 2012 chama cha wataalamu wa saratani cha Marekani, ASCO, kinashauri uzito halisi utumike, hasa pale lengo ni kuponya. Vinkristini, dawa nyingine ya saratani, ni jambo jingine: kwa kawaida husimamishwa kwenye miligramu 2 kwa kuhofia mishipa ya fahamu.

Sasa karboplatini. Sehemu kubwa ya dawa hii hutoka kwa kuchujwa na figo, na figo zikichuja polepole, damu inakaa nayo muda mrefu zaidi. Ndiyo maana Calvert na wenzake, mwaka 1989, waliacha mita za mraba wakapanga dozi kwa kiasi cha dawa ambacho damu itakutana nacho, yaani AUC:

```
Dozi (mg) = AUC × (GFR + 25)
```

GFR ni kasi ya figo kuchuja, kwa mililita kwa dakika. Kwa maoni yangu hii ni fomula bora kuliko ile ya eneo la mwili, kwa sababu inauliza swali linalohusu dawa yenyewe. Tatizo ni kwamba Calvert aliipima GFR kwa kemikali yenye mionzi. Hospitali nyingi hazina kipimo hicho, hivyo huikadiria kwa kreatinini ya damu, kwa fomula ya Cockcroft na Gault ya 1976. Kwa mwanamke:

```
(140 − umri) × uzito × 1.04 ÷ kreatinini (µmol/L)
```

Kreatinini ya mama yetu ni 40. Ukiitazama haraka unafurahi: figo nzima. Lakini kreatinini hutoka kwenye misuli, na mama huyu amekonda. Ina maana kwamba namba ndogo inaweza kuwa habari ya misuli iliyokwisha, wala si ya figo zenye nguvu. Fomula haijui hilo. Inatoa GFR ya 96, na kwa AUC ya 5 dozi ni miligramu 605. Kwa kilo 53 za kabla ya kutolewa maji ingetoka 690.

Baadhi ya vituo hukataa kuamini kreatinini iliyo chini mno. Huipandisha hadi 62, ambayo ni 0.7 kwa kipimo cha miligramu katika desilita, ndipo wakokotoe. GFR inashuka hadi 62 na dozi inakuwa miligramu 435. Angalia pengo hilo: miligramu 170 kwa mgonjwa yuleyule, siku ileile. Katika paklitakseli, maji yote yale yalileta tofauti ya miligramu 21 tu.

Nani yuko sahihi? Anayepandisha kreatinini anamkinga mgonjwa na chembe sahani kuporomoka, yaani madhara yanayoiwekea karboplatini mpaka. Asiyepandisha anaogopa kumpa dozi hafifu mwanamke mwembamba ambaye figo zake ni nzima kweli, na mwili mwembamba wa kuzaliwa si sawa na kukonda kwa ugonjwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2010, ilishauri GFR inayokadiriwa isizidi 125, lakini kizuizi hicho hakimsaidii mama huyu, maana yeye yuko 96. Kwa mtu aliyepoteza misuli waziwazi, mimi ningeipandisha mzunguko wa kwanza.

Kwenye ini tuna mwongozo hafifu zaidi, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoonyesha ini linaondoa dawa kwa kasi gani. Tunaazima bilirubini, taka ya rangi ya manjano ambayo ini huiondoa kwenye damu. Bilirubini ya mama huyu ikiwa 34 pale kikomo cha maabara ni 21, amezidi mara 1.6, na kwa dripu ya saa tatu maelekezo ya paklitakseli yanashusha dozi hadi 135 kwa mita ya mraba, yaani miligramu 190. Wapo madaktari wanaosita hapo: kama ini limezidiwa na uvimbe wenyewe, dawa ndiyo itakayolifungua, na kupunguza dozi ni kuurefusha ugonjwa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini paklitakseli ikishindwa kutoka huangusha chembe nyeupe, na maambukizi huja kabla ini halijapata nafuu. Kama njia ya nyongo imeziba, kuizibua kwanza kunaondoa sehemu kubwa ya mabishano haya.

Kabla ya dripu ya pili mama anarudi mizani, kreatinini na bilirubini zinapimwa upya, na damu inaangaliwa. Kwa kawaida chembe sahani hutakiwa zifike 100 na neutrofili, aina ya chembe nyeupe, 1.5, zote kwa bilioni katika lita. Zikiwa chini ya hapo dripu inasogezwa mbele, na dozi ya mzunguko unaofuata huenda ikashushwa. Zikiwa zimesimama imara baada ya miligramu 435, hapo mfamasia ana sababu ya kufikiria kupandisha.