Mimi Siyo Mburu

Nilipohamishiwa Moshi kutoka Tanga, nilikuwa na neno moja tu la Kichaga mfukoni: "aika", yaani asante. Nilifundishwa na mama mmoja muuza ndizi pale stendi, siku ileile niliyoshuka kwenye basi na begi langu. Nikajiambia linanitosha, kwa kuwa mtu mwenye asante hakosi pa kukaa.

Ofisi yetu ilikuwa ndogo. Tunauza mbegu na mbolea, tuko watu saba, mimi nikiwa mtunza stoo. Kwa kuwa jina langu liliwashinda kulikumbuka wiki ile ya kwanza, waliniita Tanga, na Tanga likabaki. Wenzangu walikuwa watu wazuri kabisa, hilo naapa. Shida yao ilikuwa chai ya saa nne.

Chai inaanza kwa Kiswahili. Mhasibu atauliza nani kachukua kijiko, dereva atalalamika bei ya dizeli. Andazi la kwanza linaisha salama. Kwenye andazi la pili kuna mtu atateleza neno moja la Kichaga, mwenzake atamdaka, na kabla hujameza wote wameshavuka ng'ambo na mtumbwi, wewe umeachwa ufukweni na kikombe chako. Hapo ndipo nilipojifunza kazi za mtu aliyeachwa. Kwanza unakoroga chai ambayo sukari yake imeyeyuka zamani. Halafu unatoa simu, unasoma upya ujumbe wa salio la luku. Wakicheka, unatabasamu kidogo kwa adabu, ila siyo sana, maana huenda anayechekwa ni wewe.

Aliyenipa moyo alikuwa keshia, mama wa makamo aliyekaa kando yangu. Naye ni Mchaga, lakini hakuwa msemaji. Yeye alicheka tu, na alicheka kwa kuchelewa kidogo, kama redio ya jirani inayofuatia ya kwako. Nikadhani ni ustaarabu wake.

Sasa ikaja ile wiki. Jumatatu, kwenye andazi la pili, nikasikia jina langu. "Tanga" halina tafsiri, linapita lugha zote. Nikatega sikio. Maneno yakaenda, yakarudi, kisha: "Tanga… mburu." Wote wakanigeukia, wakanitazama kuanzia viatuni, wakarudi kwenye chai yao.

Mburu! Mtanzania gani asiyejua mburula? Nikaona wameamua kunifupishia tusi ili nisilitambue.

Kesho yake likarudi, tena mara nne. Nikamnong'oneza keshia: "Mama, wanasema nini hawa?" Akatafuna, akameza, akanitazama kwa huruma. "Mambo ya kazi tu, baba." Jibu la namna hiyo ukipewa hospitali, unaanza kuandika wosia.

Jumatano ndiyo iliyonimaliza. Kichaga cha ofisini kina tabia ya kuazima Kiswahili njiani, hasa kwenye fedha na siku za wiki, kwa hiyo huwa unapata vipande. Siku hiyo nilipata hivi: "Tanga… mburu… elfu thelathini… Jumamosi… beseni." Katikati likapita neno linalokaribiana mno na "kisu". Dereva akachora mstari shingoni mwake kwa kidole, akaniangalia, akauliza kitu. Mhasibu akatikisa kichwa kukubali. Keshia akacheka, kwa kuchelewa.

Usiku sikulala. Nilipiga hesabu. Elfu thelathini mara watu sita ni laki na themanini. Kwa hiyo walikuwa wanachangishana, na mchango wenyewe ulikuwa juu yangu. Lakini beseni la nini?

Alhamisi nikaingia kwenye chai nimevaa shati la Ijumaa. Sikugusa andazi. Walipofika la pili na mburu likatajwa, nikasimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Jamani, nimevumilia. Kama nina kosa niambiwe kwa Kiswahili. Nina mke, nina watoto watatu, nina mama yangu mzee kule Pongwe. Na mjue jambo moja: mimi siyo mburu!"

Kimya. Nzi alitua kwenye sukari na hakuna aliyemfukuza. Dereva, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, akaweka kikombe chini taratibu.

"Ni kweli kabisa, mwanangu," akasema. "Wewe siyo mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mburu ni mbuzi, baba."

Nimewahi kuona watu wakicheka, lakini siyo vile. Mhasibu alilala juu ya meza. Mlinzi aliacha geti, akaja kuuliza kuna msiba gani.

Walipopata pumzi wakanieleza. Walikuwa wananunua mbuzi wa kula pamoja Jumamosi, na mgeni sikutakiwa kuchanga. Ila katika ofisi nzima Waislamu tulikuwa wawili, mimi na mlinzi, na mlinzi kuchinja hawezi, akiona damu anakaa chini. Basi mchinjaji nilikuwa mimi, na ndiyo maana ya kile kidole shingoni. Kilichowatatiza ni beseni. Wachaga wana supu yao iitwayo kisusio, ya mbuzi na damu yake. Damu hiyo inakingwa pale pale ikitoka, inakorogwa isigande. Wakajiuliza: utamwambiaje Mwislamu akuchinjie, halafu umwekee beseni chini ya kisu?

"Tuliona aibu kulisema kwa Kiswahili mbele yako," mhasibu akasema. "Tukaona tulijadili kwa Kichaga, kwa heshima."

Kwa heshima! Siku tatu nimeandaliwa kaburi kwa heshima.

Kisha akamgeukia keshia. "Na wewe mama, umekaa naye bega kwa bega, si ungemwambia?"

Keshia akashusha miwani. "Ningemwambia nini? Mimi mtu wa Rombo. Nyie mnaongea Kimachame mbio mbio, nashika mburu, nashika Tanga, basi. Nilijua mnaagiza mbuzi kutoka Tanga."

Hapo hata mimi nikakaa. Mlima ni mmoja, lakini Machame ni upande wa magharibi na Rombo ni mashariki, kwenye mpaka wa Kenya. Katikati yao wako Wakibosho, wa Uru, wa Old Moshi, wa Vunjo. Jirani na jirani wanasikilizana, ila ukiwakutanisha wa ncha hizi mbili, salama yao ni Kiswahili. Mama yule alikuwa ofisini pale miaka sita. Miaka sita anasubiri wenzake wacheke, ndipo naye acheke.

Jumamosi nilichinja. Nikamwelekeza mbuzi kibla, nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, nikapitisha kisu, kisha nikageuka kutazama mgomba mmoja kwa makini sana huku nyuma yangu beseni likivutwa. Mimi na mlinzi tukatengewa sufuria yetu ya nyama na ndizi, mbali na kisusio, na mwiko wake.

Tulipokaa kula, mhasibu akatangaza kwamba leo ni Kiswahili tu, kwa ajili ya Tanga. Kilidumu mpaka mapaja yalipokwisha. Wakaanza mbavu, mtu akateleza, mwenzake akamdaka, wakavuka ng'ambo wote. Kikapita kicheko kikubwa.

Nikamwinamia keshia. "Mama, wamesema nini?"

"Sijui, baba," akasema, huku akijifuta mdomo tayari. "Wewe cheka."