Sini ya Pantoni Haiwezi Kuandikiwa Neno "Huzuni" Peke Yake

Nimepokea jedwali la muziki wa filamu fupi inayohaririwa hapa mjini, na nimelisoma mara mbili kwa uchungu, kwa sababu filamu yenyewe ni nzuri na ilistahili maelezo bora kuliko hayo. Jedwali lina safu tatu: sini, hisia na mwendo. Chini ya hisia kumeandikwa "huzuni", kisha "huzuni kidogo", kisha "huzuni yenye matumaini". Chini ya mwendo kumeandikwa "polepole" au "kama 70", yaani mapigo 70 kwa dakika. Chini kabisa kuna kiungo cha wimbo mmoja, na maneno "tunataka kitu cha namna hii". Hakuna mahali hata pamoja palipoelezwa muziki unaanzia wapi katika sini, unaishia wapi, na kwa nini unahitajika.

Ninatunga muziki wa filamu, na ninasema bila kusita kwamba kati ya mambo yote anayoweza kuniandikia mwongozaji, nukta ya kuingia na nukta ya kutoka ndizo za kwanza. Hisia na mwendo huzaliwa na nukta hizo mbili. Akiniandikia hisia tupu bila nukta, ameniachia nimwongozee filamu yake, jambo ambalo si kazi yangu wala si haki yake kunipa.

Nitaichukua sini moja ya filamu hiyo, na nimebadilisha mambo madogo ili isitambulike. Kaka na dada wako kwenye pantoni, wanatoka Kigamboni kuja Kivukoni. Kaka ameuza boti ya marehemu baba yao asubuhi hiyo. Dada anamwuliza, "Kaka, mama umemwambia?" Anajibu, "Nitamwambia leo." Wananyamaza. Saa ya picha inapofika 00:11:52:00, yaani dakika ya 11 na sekunde ya 52, kaka anafungua kiganja, nasi tunauona ufunguo wa kufuli la boti, ambao amesahau kumkabidhi mnunuzi. Anaukazia macho, abiria wanaanza kusogea mbele, na kwenye 00:12:32:00 mlango wa pantoni unagonga gati. Watu wanamiminika nje. Kwenye 00:12:44:00 tumekatia nyumbani kwa mama.

Jedwali lilisema: "Pantoni, huzuni, kama 70." Mtunzi mwenye haraka ataanza muziki mwanzoni mwa sini, ataupitisha chini ya mazungumzo na kuufifisha nyumbani kwa mama. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji ataambiwa aone huzuni kabla dada hajauliza swali, na jibu la kaka, ambalo ni uongo wa nusu, litapita bila kusikika kuwa ni uongo. Muziki ukiwa chini ya jibu hilo unamtetea. Tukiliacha jibu hilo peke yake, pamoja na injini na kunguru wa Kivukoni, mtazamaji atamsikia mtu anayejikwepa.

Kwa hiyo muziki uingie kwenye ufunguo. Pale ndipo tunapojua jambo ambalo dada hajui, na muziki unakuwa wa kaka peke yake. Mwongozaji akishaamua hivyo, hata neno "huzuni" halitoshi tena, kwa kuwa kaka haombolezi boti. Anatafuta maneno ya kumwambia mama yake na hayapati. Hisia iliyoandikwa kama tendo namna hiyo inanipa kitu cha kutunga. Ninaweza kuandika sauti ya udi mmoja inayoanza msemo na kuukatisha, ikarudia kuuanza na kuukatisha tena. Kutoka kwenye neno "huzuni" ningepata nyuzi ndefu laini ambazo zingefaa sini hii, sini ya mazishi na hata tangazo la bima.

Sasa mwendo. Kutoka ufunguo hadi mlango kugonga gati ni sekunde 40 kamili. Idadi ya mapigo hupatikana kwa kuzidisha sekunde kwa mapigo ya dakika na kugawanya kwa 60. Kwa mwendo wa 72, sekunde 40 zinatoa mapigo 48, yaani vipimo 12 vya mapigo manne manne, na mlango unagonga pale hasa ambapo kipimo cha 13 kingeanza. Kwa mwendo wa 66 tunapata mapigo 44, vipimo 11 kamili. Kwa 60 tunapata vipimo 10, na kwa 78 tunapata 13. Hiyo ndiyo miendo ambayo picha hii inaikubali ikiwa tunataka muziki na mlango vikutane kwenye pigo zito.

Mwendo wa 70 ulioandikwa kwenye jedwali unatoa mapigo 46 na theluthi mbili. Mlango unagonga katikati ya mapigo, na pigo zito linalofuata linachelewa kwa zaidi ya sekunde moja. Mtazamaji hatajua kilichoharibika. Atahisi tu kwamba muziki na picha havijuani, kwamba mmoja umeletwa juu ya mwingine. Mtunzi anaweza kupunguza au kuongeza kasi kidogo njiani ili kufikia pigo, na mara nyingine hulazimika, lakini udi mmoja usio na ngoma nyuma yake hufichua mara moja kila mkono unapokimbizwa. Tofauti kati ya 70 na 72 sikio la kawaida halitaihisi kama hisia mpya, ila kwenye gati tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Ndiyo maana ninawasihi waongozaji wasinipe namba waliyoipima kutoka kwenye wimbo wanaoupenda. Nipeni nukta ya kukutania na mniambie kama mwendo unakaribia wa mtu anayetembea au wa mtu anayepumua akiwa amekaa. Hesabu nitaifanya mimi.

Hesabu hiyo ina sharti moja: picha iwe imefungwa. Mhariri akikata sekunde mbili za abiria baada ya mimi kutunga, zinabaki 38, na kwa mwendo wa 72 hizo ni mapigo 45 na zaidi ya nusu. Kama maelezo yalisema kwamba jambo linalotakiwa ni mlango kugonga kwenye pigo, ninaweza kutoa kipimo kimoja, nikabaki na mapigo 44 na kushusha mwendo hadi karibu 69.5, na sini ikapona kwa kazi ya jioni moja. Kama maelezo yalisema "huzuni" tu, sitajua ni nini kilichopaswa kuokolewa. Vilevile nakala ya picha inayotumwa iwe na saa inayokimbia juu yake, na iandikwe ni fremu ngapi kwa sekunde. Fremu 1,000 ni sekunde 40 kwa 25, lakini kwa 24 ni karibu sekunde 41.7, na kosa hilo peke yake linatosha kuuhamisha mlango kutoka kwenye pigo lake.

Maelezo ya sini hii, kwa jinsi ambavyo ningeyatamani, yangekuwa hivi:

> Kipande 1M4, Pantoni. Fremu 25 kwa sekunde, picha imefungwa. Kuingia 00:11:52:00, ufunguo unapoonekana kiganjani. Kuingia kuwe laini, kusisikike kama mwanzo. Kutoka 00:12:32:00, mlango unapogonga gati; muziki ukatike pale pale, usififie. Kaka anatafuta maneno ya kumwambia mama na hayapati. Dada hajui kuhusu ufunguo, kwa hiyo muziki usimhusishe hata anapoonekana. Mwendo wa mtu aliyekaa kimya, kati ya 60 na 72. Injini ya pantoni inabaki juu katika sauti, kwa hiyo muziki uepuke milio mizito ya chini. Hakuna mazungumzo ndani ya kipande hiki.

Ni aya moja. Mtu anayejua filamu yake anaiandika kwa dakika chache, na ndani yake mna kila ninachohitaji ili nianze kazi kesho asubuhi. Sentensi ya injini watu wengi huiacha, nami naililia kuliko zote. Injini ya pantoni inanguruma chini kabisa, na nikiweka besi pale, mchanganya sauti atalazimika kuchagua mmoja wetu. Atachagua injini, kwa sababu bila injini hakuna pantoni, na nusu ya nilichotunga itakuwa imekwenda bure.

Kukatika ghafla nako kunahitaji kuandikwa, tena kwa sababu yake. Watunzi wengi tumezoea kufifisha, na tusipoambiwa tutafifisha. Hapa muziki ni mawazo ya kaka, na mlango wa chuma unamtoa ndani ya mawazo hayo kwa nguvu. Sekunde 12 zinazobaki ni za miguu, honi na sauti za wachuuzi. Muziki ukiendelea kufifia juu ya umati huo, kaka atakuwa ameshuka pantoni akiwa bado na faragha ambayo hadithi imeshamnyang'anya.

Nimeambiwa kwamba mwongozaji wa Dar es Salaam mara nyingi ndiye mtayarishaji, ndiye anayetafuta gari, ndiye anayelipa chakula cha wasanii, na hana muda wa kuandika aya kwa kila kipande. Nakubali, kwa shingo upande. Basi na tukae pamoja na mhariri mbele ya picha, tuisimamishe kila panapohitajika, yeye aseme nami niandike, kisha aisome na kuithibitisha. Nisichokubali ni kuruka kikao hicho na kutuma jedwali.

Kuhusu wimbo wa mfano, sina ugomvi nao iwapo anayeuleta ataniambia amependa nini ndani yake: nafasi kati ya sauti, ala fulani, au jinsi unavyochelewa kuanza. Na anayetaka ilimba ya Wagogo ndani ya kipande chenye kinanda aniambie mapema kabisa, kwa sababu milio ya ilimba haifuati ya kinanda, na lazima tuamue ni ala ipi itakayomfuata mwenzake kabla sijaandika noti moja.

Limebaki jambo moja ambalo jedwali lile lilikosa kabisa, nalo ni sini zisizo na muziki. Sini inayofuata pantoni, mama akimwandalia mwanawe chai naye akishindwa kusema, ilikuwa imeandikwa "huzuni sana". Mimi ningeiandika "bila muziki, kuanzia 00:12:44:00 hadi mama atakapoondoka mezani", nikaongeza sababu: kaka hana tena mahali pa kujificha, na mtazamaji anatakiwa asikie kijiko kikigonga kikombe. Mstari huo uwemo kwenye maelezo ukiwa na saa zake kamili kama kipande kingine chochote, ili mtunzi asidhani umesahauliwa akaujaza, na ili mchanganya sauti ajue kwamba sekunde zile zote ni zake.