Shika Feni Kwanza, Ndipo Upulize

Jirani yangu anayeuza nguo soko la Kibuye aliniletea kipakatalishi cha mwanawe kikilia kama nyuki aliyefungiwa chupani. Kijana alikuwa amekifungua vizuri, bila kupoteza skrubu hata moja, kwa sababu kilikuwa kikichemka na kuzimika chenyewe. Kisha akakipeleka kwa fundi wa magurudumu, ambaye alikipuliza kwa bomba la upepo. Feni ikazunguka mbio hadi ikapiga mluzi, vumbi likaruka, nao wakaamini kwamba kazi imekwisha.

Mimi nashikilia kwamba mluzi ule ndio uliokuwa hasara yenyewe. Feni ya kipakatalishi huzunguka juu ya mhimili mwembamba wenye mafuta kidogo sana, na imeundwa kwa mizunguko elfu chache kwa dakika. Upepo wa kompresa waweza kuipeleka mbio kupita kiasi hicho, na hapo beringi hulika na mapanga yakaanza kuyumba. Zaidi ya hayo, mota inayozungushwa kutoka nje hugeuka jenereta ndogo na kurudisha umeme kwenye bodi. Bodi iliyoungua kwa njia hiyo sijawahi kuiona mwenyewe, lakini beringi zilizokufa nimeziona nyingi. Ukitaka kujua hali ya feni, izungushe kwa ncha ya kidole: iliyo nzima huteleza kimya na kusimama polepole, iliyoharibika hukwaruza au husimama ghafla.

Kompresa ya gereji ina kasoro nyingine. Hewa ikishinikizwa, unyevu wake hujikusanya ndani ya tangi, na katika mji wa kando ya ziwa kama Kisumu unyevu huo si haba. Mwombe fundi afungue koki iliyo chini ya tangi uone maji ya rangi ya kutu yanavyotoka, mara nyingi yakiwa na mafuta. Hayo ndiyo yanayorushwa kwenye bodi. Kopo la hewa la dukani ni afadhali, mradi lishikwe wima. Likiinamishwa hutoa kimiminika baridi sana badala ya hewa, na gesi yake katika makopo mengi hushika moto.

Basi nilizima mashine, nikachomoa chaja, na kabla ya kugusa kingine chochote nikatenganisha waya wa betri na bodi. Nilipachika kijiti cha kuchokolea meno kati ya mapanga ya feni ili isizunguke, kisha nikapuliza kwa vipindi vya sekunde moja moja. Ilinishangaza kidogo kwamba baada ya upepo wote ule wa gereji, kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kupozea palikuwa bado pamelala blanketi la vumbi. Upepo ulikuwa umelishindilia tu, nami nikalitoa kwa kibano. Chini yake walikuwa wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kwa makundi kwenye taa usiku, wamepondeka na kugandamana, na mabaki ya aina hiyo hayatoki kwa hewa yoyote.

Hapo ndipo alkoholi ya isopropili inapohitajika, na kwenye bodi mimi hutumia ya asilimia 99. Chini ya 90 sikubali. Wengi hununua spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 wakidhani tofauti ni ya bei tu. Asilimia 30 iliyobaki kwa kawaida ni maji, ambayo hujificha chini ya vipande vya bodi muda mrefu baada ya alkoholi kukauka, na baadhi ya spiriti huongezwa rangi au mafuta. Kwa kuua viini, hiyo ya 70 ndiyo bora, kwa kuwa maji huichelewesha kukauka, hivyo vifuniko vya vibonye vifutwe nayo kwa kitambaa. Jeli ya kusafishia mikono iachwe kabisa, kwani huacha utando unaonata.

Nilichovya brashi laini, nikaikung'uta, nikasugua vibati, kisha nikaiacha mashine wazi kwa saa nzima, mbali na jiko, kwa sababu mvuke wa alkoholi hii huwaka hata katika joto la kawaida la chumba.

Alkoholi hiyo sikuinyunyiza. Kinyunyizio hakichagui pa kufika, na hata kioo hufutwa kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kwani tone likiteremka hadi ukingoni huingia ndani. Dawa ya vioo yenye amonia hubabua utando wa skrini, na asetoni ya kutolea rangi ya kucha huyeyusha plastiki. Lakini ninayoiogopa kuliko zote ni dawa ya mende, ambayo watu hupuliza ndani ya televisheni ikiwa imewashwa, ilhali mafuta yake huganda juu ya bodi na gesi yake hungoja cheche tu.

Feni ya kijana haikupona. Vumbi lilitoka lote, joto likashuka, lakini mlio ulibaki, ikabidi mama anunue feni nyingine.