Fomu imepita uhakiki ila namba sio ya mtu

Mi na mwenzangu tumebishana karibu mwezi mzima juu ya kitu kimoja: ukipiga picha fomu iliyojazwa kwa mkono, unaipa modeli ya AI picha nzima ikurudishie JSON kamili, au unaikata vipande, kisanduku kimoja kimoja, kila kimoja kisomwe peke yake? Unaweza kuona ni ubishi wa mafundi tu, lakini jibu lake ndo linaamua kama uhakiki wako wa baadae una maana yoyote au ni pambo.

Kazi yenyewe ni fomu ya kuomba mkopo ya saccos moja ya walimu. Karatasi ya A4, upande mmoja: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, simu, kiasi kwa tarakimu, kiasi kwa maneno, muda wa kulipa, sahihi. Afisa mikopo anapiga picha kwa simu yake, sisi tunatakiwa tutoe mstari mmoja safi wa kuingia kwenye databezi.

Mwenzangu yuko upande wa picha nzima, na hoja yake ina nguvu kuliko nilivyokuwa nakubali mwanzoni. Mwandiko wa mkono hausomeki bila muktadha. Ile 1 yenye kofia na 7 isiyo na mstari katikati ni kitu kimoja kabisa ukiziona peke yake, unajua ni ipi kwa sababu umeona mtu huyohuyo alivyoandika 7 yake pale kwenye simu. Sisi wenyewe tunasoma hivohivo. Ukikata kisanduku cha NIDA ukakitenga umeinyima modeli kila kitu ambacho binadamu angekitumia. Afu kukata kwenyewe ni shughuli: picha imepigwa kwa upande, karatasi imekunjwa, imewekwa juu ya goti, kivuli cha mkono kimekaa juu ya jina, inabidi kwanza uinyooshe ilingane na fomu tupu ndo ujue kisanduku kiko wapi, na ukikosea milimita chache umekata tarakimu ya mwisho. (Na kabla ya yote geuza picha kwa kufuata EXIF. Kwenye simu inaonekana imesimama ila ndani ya faili imelala, kwenye Pillow ni `ImageOps.exif_transpose` tu, sisi tulipoteza siku nzima hapo.)

Sa sikiliza kilichotokea.

Kwenye fomu moja kisanduku cha tarehe kimeandikwa 14/3/1968. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka kwanza, afu mwezi, afu siku. Kwa hiyo uhakiki wetu mkuu ulikuwa huu, mwepesi na mzuri:

```python
import re

def linganisha(nida, kuzaliwa):
    t = re.sub(r"\D", "", nida or "")
    if len(t) != 20:
        return "nida_urefu"
    if kuzaliwa is None:
        return "kuzaliwa_tupu"
    if t[:8] != kuzaliwa.strftime("%Y%m%d"):
        return "havilingani"
    return "sawa"
```

Modeli ikarudisha NIDA inayoanza na 19680314. Jibu "sawa", mstari ukaingia. Baadae afisa akashika karatasi mkononi kwa sababu nyingine kabisa, akaona namba iliyoandikwa pale inaanza na 19660314, tena 6 mbili nene hazina utata wowote. Modeli iliona tarehe juu, ikaona namba chini, ikaona hazipatani, ikazipatanisha. Haikusema kitu.

Watu wengi wanasikia hii wanasema ni kosa la kusoma tu, litapungua modeli zikiwa bora. Mi sioni hivyo. Hapo haikushindwa kusoma, iliacha kusoma ikaanza kukisia kinachofaa kuwepo. Na kule kutopatana ndo ilikuwa habari yenyewe! Mwalimu wa serikali anastaafu kwa lazima akifika miaka 60, kwa hiyo mwalimu wa 1966 anatoka 2026 na wa 1968 anatoka 2028. Mkopo wa miezi 24 kwa hawa wawili ni maamuzi mawili tofauti. Inawezekana mwalimu aliteleza kalamu, inawezekana cheti chake cha shule na kitambulisho vina miaka tofauti, jambo la kawaida sana kwetu, ila lolote lile afisa alitakiwa alione. Sisi tukamfutia, halafu tukagonga muhuri wa "imehakikiwa".

Hapo ndo penye kiini cha ubishi wetu. Uhakiki wa kulinganisha sehemu mbili unafanya kazi pale tu sehemu hizo zimesomwa bila kujuana. Ni kama mashahidi wawili, ukiwaweka chumba kimoja wakaongea kwanza, maelezo yao kufanana hakukuambii kitu. OCR ya zamani, yani programu ya kusoma maandishi kwenye picha kama Tesseract, ilikuwa mbovu kwa mwandiko wa mkono, sikatai, lakini ilikuwa inakosea kijinga: inaweka O mahali pa sifuri, inaangusha tarakimu, na kosa la kijinga linashikwa na kanuni ya kijinga. Modeli ya kisasa inakosea kwa akili, na kosa la akili limevaa umbo lilelile ambalo kanuni yako inalitafuta.

Kwa hiyo nikashinda? Hapana. Tulipokata vipande, alama za "havilingani" zilijaa, na nyingi zilikuwa za uongo, ni hizohizo 1 na 7, 6 na 0, mstari wa kisanduku ukigusa tarakimu ikawa kitu kingine. Afisa wa watu siku ya kwanza alikuwa anafungua kila moja analinganisha na picha. Siku ya tatu anabonyeza tu "sahihi, sahihi, sahihi" bila kuangalia, na simlaumu. Uhakiki unaopiga kelele kila saa unaishia kuwa sawa na usiokuwepo.

Tulipofika ni katikati, ila sio nusu kwa nusu. Picha nzima inasomwa kwanza, inatoa sehemu zote. Halafu sehemu mbili tu zinazouma, NIDA na kiasi, zinakatwa na kusomwa mara ya pili peke yake, kwa kisomaji kingine kabisa, kidogo, cha tarakimu tu. Hili la "kingine" usilipuuze maana ukimuuliza yuleyule mara mbili juu ya picha ileile atakosea mara mbili vilevile, na utafurahi kuwa amekubaliana na nafsi yake. Wakikubaliana na kanuni ikapita, mstari unaingia. Wakitofautiana, au wakikubaliana lakini kanuni imekataa, afisa anaonyeshwa kipande cha picha na majibu yote mawili pembeni. Kanuni yenyewe hairekebishi chochote, ona hapo juu, inarudisha neno tu. Na ili kukata kusiwe mateso tuliomba toleo jipya la fomu lichapwe na miraba minne myeusi kwenye pembe, gharama yake ni wino.

Kiasi kina vituko vyake. Watu wanaandika 500,000/= kama kawaida, na ile mkwaju ikisimama wima inasomeka 1, unapata 500,0001, programu inaondoa mikato, umepata milioni tano na moja. Kanuni ya "iwe namba, iwe zaidi ya sifuri" inaipitisha bila aibu. Kinachookoa ni kile kisanduku cha maneno, "laki tano tu", ambacho kipo hata kwenye hundi za benki kwa shida hiihii. Lakini usidhani maneno hayana utata. "Elfu mia moja na ishirini" inaweza kuwa 120,000, inaweza pia kuwa 100,020. Kichanganuzi chetu cha maneno kinarudisha zote mbili na tarakimu zikilingana na mojawapo tunapita. Ukikilazimisha kichague kimoja utakuwa umeleta tatizo lilelile la NIDA kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu skima, mwenzangu alikuwa anapenda kila sehemu iwe ya lazima, na mwaka uwe mwaka na namba iwe namba. Mi nataka modeli inakili kilichoandikwa kama kilivyo, tafsiri ifanywe na programu baadae:

```json
{
  "kuzaliwa": "14/3/1968",
  "kiasi_tarakimu": "500,000/=",
  "kiasi_maneno": "laki tano tu",
  "simu": null
}
```

Ukisema simu ni ya lazima na mtu hakuandika simu, modeli itakutafutia simu, nzuri tu, inaanza na 07, ina tarakimu kumi. Skima kali inakuhakikishia umbo, basi. Na NIDA isiwe namba hata siku moja: tarakimu 20 hazitoshi kwenye namba za JavaScript, ambazo ni salama hadi 9007199254740991 yani tarakimu 16, zikizidi za mwisho zinabadilika kimyakimya, na Excel inashika 15 tu.

Jinsi ya kujua kama mfumo wako una ugonjwa wa kupatanisha ni rahisi. Chukua fomu tupu kumi, jaza kwa mkono na deta za kubuni, na kila moja uweke ugomvi wa makusudi: tarehe na NIDA zisipatane, laki tano kwa maneno na 300,000 kwa tarakimu, kisanduku kimoja kiache wazi. Piga picha, pitisha. Hesabu ni magomvi mangapi yametoka upande wa pili yakiwa hai. Ukipima usahihi kwenye fomu safi peke yake hutaliona hili kamwe, maana kwenye fomu safi kukisia na kusoma vinatoa jibu moja.

Simu tumemwachia mwenzangu, inasomwa kwenye picha nzima tu, haikatwi. Modeli ikibadilisha tarakimu moja pale hakuna kanuni ya umbo itakayojua, hata ukikata vipande mia. Tunatuma ujumbe wenye tarakimu nne, mwalimu anamtajia afisa akiwa bado kakaa mbele yake, na asipoupata wanaangalia karatasi pamoja.